Nani apigane, nani alipe: samurai tangu mwaka 792 hadi 1877

*"Shikamoo mwalimu. Nimesoma kwamba mwaka 1877 samurai walishindwa na jeshi la vijana wa wakulima walioandikishwa kwa lazima. Samurai hawa walitokana na nini hasa, walipiganaje, na ilikuwaje watu waliolelewa kwa vita washindwe na watoto wa jembe? Ni bunduki tu?"*

Marahaba. Bunduki ina sehemu yake, lakini ukianza nayo utapotea njia, maana samurai walikuwa na bunduki zaidi ya miaka mia tatu kabla ya kuanguka kwao. Mimi huanza na mwaka 792, kwa sababu mwaka huo serikali ya mfalme wa Japani ilifuta jeshi la kuandikishwa kwa lazima katika sehemu kubwa ya nchi. Watu wengi hushangaa kusikia kwamba jeshi hilo lilikuwapo zamani hizo. Lilikuwapo, na lilikuwa mzigo mzito.

Sheria za wakati ule, zilizoigwa kutoka China, zilitaka karibu mwanamume mmoja kati ya kila watatu walio katika umri wa kazi awe askari. Mkulima huyo alitakiwa aje na upinde wake, mishale yake na chakula chake. Unaweza kuwaza jeshi la namna hiyo lilikuwaje vitani. Mwaka 789 lilipelekwa kaskazini kupigana na Waemishi, watu waliojua kupiga mishale huku farasi akikimbia. Wakaliacha livuke mto, kisha wakalibana, na zaidi ya askari elfu moja wakafa maji. Waliouawa kwa silaha walikuwa wachache sana kuliko waliozama. Miaka mitatu baadaye serikali ikaona bora kuwarudisha wakulima mashambani walipe kodi, na kazi ya silaha wapewe vijana wachache wa kila jimbo, watoto wa wakubwa wa wilaya, ambao tayari walikuwa na farasi na muda wa kujifunza.

Hapo ndipo mbegu ilipopandwa. Kazi ya vita ilitoka mikononi mwa umma ikawa fani ya familia fulani, ikirithishwa kama uhunzi au uganga. Familia hizo zilistawi hasa katika tambarare ya Kanto, mashariki, palipokuwa na malisho mazuri ya farasi na ugomvi usiokwisha wa mashamba na ukusanyaji wa kodi. Neno lenyewe "samurai" linatokana na kitenzi cha Kijapani chenye maana ya kumhudumia mkubwa, kusimama karibu naye ukisubiri kuagizwa. Kwa hiyo wa kwanza kuitwa hivyo walikuwa watumishi wenye silaha, na heshima ya jina ilikuja baadaye sana.

Mwaka 939 mmoja wao, Taira no Masakado, aliteka majimbo ya mashariki na kujitangaza mfalme mpya. Makao makuu hayakuwa tena na jeshi la kumtuma. Yalichoweza ni kuwaahidi vyeo wapiganaji wengine wa huko huko, na hao ndio waliomuua Masakado mwaka uliofuata. Dawa ya moto ni moto, lakini anayeitumia dawa hiyo kila mara hubaki bila kisima. Kufikia mwaka 1185 ukoo wa Minamoto ulikuwa umeushinda ukoo wa Taira katika vita vilivyoenea nchi nzima, na kiongozi wao, Yoritomo, akaweka serikali ya wapiganaji katika mji wa Kamakura. Mfalme alibaki Kyoto na taji lake. Mamlaka ya kugawa mashamba yakahamia kwa wenye silaha.

Walipiganaje? Ondoa kwanza ile picha ya upanga. Samurai wa karne hizo alikuwa mpiga mshale juu ya farasi, na wenyewe waliiita kazi yao "njia ya upinde na farasi". Upinde wao ulizidi mita mbili kwa urefu, na ulishikwa chini ya katikati ili usigonge shingo ya mnyama. Deraya yake ilikuwa kama sanduku la vipande vidogo vya chuma na ngozi vilivyoungwa kwa kamba za hariri, na ilifanya kazi yake vizuri kiasi kwamba mshale wa mbali haukumtisha aliyeivaa. Ilibidi umkaribie adui hatua chache tu, umtafute penye upenyo usoni au kwapani, uachie mshale, uzunguke. Upanga ulitoka alani pale mmoja alipoanguka, na kazi yake kubwa ilikuwa kukata kichwa. Kichwa kilikuwa stakabadhi, maana bila ushahidi hakuna malipo.

Juu ya malipo tuna shahidi mmoja mzuri sana, Takezaki Suenaga, samurai mdogo wa jimbo la Higo katika kisiwa cha Kyushu. Wamongolia walipotua mwaka 1274 kwenye ghuba ya Hakata, yeye alifika na watu wanne tu nyuma yake. Alikuwa amepoteza mashamba yake katika kesi, na alihitaji kuonekana. Hakusubiri wenzake, akamchapa farasi akawaendea maadui awe wa kwanza kuwavamia. Farasi wake akapigwa, yeye mwenyewe akajeruhiwa, na angekufa pale pale kama asingetokea samurai mwingine na kundi kubwa la wapanda farasi. Baada ya mapigano wawili hao wakaahidiana kutoleana ushahidi.

Mwaka uliofuata jina lake halikuonekana kati ya waliotajwa kwa ushujaa. Suenaga akauza farasi na tandiko apate nauli, akasafiri hadi Kamakura, safari ya wiki nyingi, na huko akahangaika mlango hadi mlango mpaka ofisa mmoja mkubwa, Adachi Yasumori, akakubali kumsikiliza. Akaulizwa: ulileta kichwa? La. Watu wako walikufa? La. Basi unadai nini? Suenaga akashikilia kwamba alikuwa wa kwanza kuvamia, na kwamba shahidi yupo. Mwishowe akapewa farasi na cheo cha usimamizi wa shamba la Kaito, huko huko kwao Higo. Baadaye aliagiza mkasa mzima uchorwe kwenye karatasi ndefu za kukunja, akiwemo yeye juu ya farasi anayetoka damu, na michoro hiyo ipo mpaka leo.

Nimekaa sana kwa Suenaga kwa sababu anaonyesha mkataba wenyewe ulivyokuwa. Samurai anapigana, mkubwa anampa ardhi. Utiifu ulikuwapo, lakini ulikuwa na bei, na bei ilidaiwa waziwazi bila haya. Wamongolia waliporudi mwaka 1281 wakashindwa tena, tatizo likajitokeza: adui aliyetoka ng'ambo hakuacha shamba lolote la kugawana. Manung'uniko yakazidi, na mwaka 1333 serikali ya Kamakura ikaangushwa na wapiganaji wale wale iliokuwa ikiwategemea.

Karne ya 15 na ya 16 zilikuwa za vita vya mabwana wa majimbo, na hapo mkulima akarudi uwanjani. Bwana aliyetaka kushinda hakutosheka na wapanda farasi mia chache. Alihitaji maelfu ya askari wa miguu, na mkuki mrefu ukiwa mikononi mwa watu waliopangwa safu ulimzuia farasi vizuri kuliko shujaa yeyote. Baadhi ya mikuki ya bwana mmoja wao, Oda Nobunaga, ilifikia mita sita. Mwaka 1543 Wareno walileta bunduki katika kisiwa cha Tanegashima, na katika muda mfupi mafundi wa Kijapani walikuwa wakizitengeneza kwa wingi. Mwaka 1575, kule Nagashino, Nobunaga aliwaweka wapiga bunduki nyuma ya uzio wa miti na kuwavunja wapanda farasi mashuhuri wa ukoo wa Takeda. Kijana wa shambani aliyefundishwa kwa majuma machache aliweza sasa kumwangusha mtu aliyepanda farasi tangu utotoni. Kama bunduki ndiyo ingewamaliza samurai, ingewamaliza hapo.

Lakini mambo yalikwenda kinyume. Toyotomi Hideyoshi, mtawala aliyemfuata Nobunaga, ambaye mwenyewe alitoka katika familia duni na kupanda kupitia vita, aliiteketeza ngazi aliyopandia. Mwaka 1588 aliamuru wakulima wanyang'anywe panga, mikuki na bunduki, na mwaka 1591 akakataza mpiganaji kuwa mkulima au mfanyabiashara, na mkulima kuhama shamba kutafuta kazi nyingine. Samurai wakaondolewa vijijini wakakaa katika miji iliyozunguka ngome za mabwana zao. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye kisa chote, kuliko Nagashino. Tangu hapo samurai alikuwa tabaka lililofungwa kwa sheria, mwenye haki ya kuvaa panga mbili kiunoni, lakini wengi wao hawakuwa na shamba tena. Walilipwa mchele.

Kipimo cha malipo kiliitwa koku, karibu lita 180, sawa na madebe kumi hivi, kiasi kilichohesabiwa kumlisha mtu mmoja mwaka mzima. Wakubwa walipata maelfu. Samurai wengi wa chini hawakufikisha 50, na ndani ya hizo kulikuwa na mke, watoto, wazee na mtumishi wa kuonekana naye njiani. Chini ya ukoo wa Tokugawa, kuanzia 1603, nchi ilikaa zaidi ya karne mbili bila vita kubwa baada ya ghasia za Shimabara za 1637 na 1638. Mpiganaji akawa karani, mkaguzi wa ghala, mlinzi wa lango. Alijifunza upanga kwenye ukumbi kama sisi tunavyojifunza karate. Katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, mchele wake ulipokelewa na madalali waliougeuza fedha kwa niaba yake, na madalali hao hao wakamkopesha kwa rehani ya mchele wa miaka ijayo. Mwenye panga mbili akainama mbele ya mwenye daftari. Wengine walisuka vikapu na kutengeneza miavuli usiku, milango ikiwa imefungwa wasionekane.

Meli za kivita za Wamarekani zilipofika mwaka 1853 kudai bandari zifunguliwe, kila mtu aliona kwamba tabaka hili, asilimia tano au sita hivi ya watu wote pamoja na familia zao, lingeshindwa kuilinda nchi lenyewe. Jimbo la Choshu lilithubutu mapema. Mwaka 1863 liliunda kikosi kilichochanganya samurai na watu wa kawaida, na vikosi vya namna hiyo vilisaidia kuyashinda majeshi ya shoguni, yaani mkuu wa serikali ya wapiganaji kutoka ukoo wa Tokugawa. Mwaka 1868 samurai wa majimbo ya Choshu na Satsuma walimwondoa shoguni na kumweka mbele mfalme kijana Meiji. Kumbuka sana jambo hili: waliolifuta tabaka la samurai walikuwa samurai wenyewe, wengi wao wa vyeo vya chini. Mwaka 1871 majimbo ya mabwana yalivunjwa, na deni lote la kuwalisha wapiganaji likahamia kwenye hazina ya serikali mpya. Malipo hayo peke yake yalimeza karibu theluthi moja ya matumizi yake.

Sheria ya kuandikisha watu jeshini ilitangazwa mwishoni mwa 1872 na kuanza kutumika Januari 1873, mtetezi wake mkuu akiwa Yamagata Aritomo wa Choshu. Kila mwanamume akifika miaka 20 alitakiwa kuitwa, na waliochaguliwa walitumikia miaka mitatu, kisha wakabaki askari wa akiba. Mtangulizi wake katika wazo hilo, Omura Masujiro, alikuwa amekwisha kushambuliwa na samurai mwaka 1869 na kufa kwa majeraha. Tangazo lenyewe halikuwaonea haya: lilisema wazi kwamba wenye panga mbili walikuwa wameishi kwa jasho la wengine, wakifikia hata kuua watu bila kuulizwa.

Wakulima nao hawakushangilia. Tangazo lilitumia maneno "kodi ya damu", likieleza jinsi Wazungu wanavyoiita huduma ya jeshi, na vijijini uvumi ukaenea kwamba serikali inakuja kukamua damu ya vijana kwelikweli. Msomaji wa pwani ya kwetu atakuwa ameshamkumbuka mumiani. Mwaka 1873 ghasia zilizuka katika majimbo kadhaa ya magharibi. Wasio na nguvu ya ghasia walitafuta mianya, maana sheria iliwasamehe wakuu wa kaya, warithi, wanafunzi wa shule fulani na mwenye uwezo wa kulipa yeni 270. Ghafla vijana wengi wakaasiliwa na wazee wasio na watoto ili wawe warithi. Kwa hiyo walioishia kambini walikuwa zaidi watoto wa pili na wa tatu wa watu maskini, na ndio hao samurai waliowacheka.

Mwaka 1876 ndio ulioleta pigo lenyewe. Mwezi Machi panga zilipigwa marufuku hadharani isipokuwa kwa wanajeshi, polisi na maofisa waliovaa mavazi rasmi. Mwezi Agosti malipo ya mchele yalifutwa kwa lazima, na badala yake kila samurai akapewa hatifungani za serikali zenye riba. Kwa mkubwa wa zamani zilitosha kufungulia benki. Kwa yule wa koku chache riba ya mwaka haikufikia ujira wa kibarua wa mjini. Mkataba wa Suenaga ulikuwa umefutwa kwa karatasi.

Turudi sasa Higo, kwa Suenaga, ambako mji mkuu wake ulikuwa Kumamoto. Usiku wa tarehe 24 Oktoba 1876 samurai wapatao 170 waliovamia kambi ya jeshi huko walikuwa wa kundi lililochukia kila cha kigeni. Walipopita chini ya nyaya za simu za maandishi walifunika kichwa kwa kipepeo cha mkono. Bunduki walizikataa kwa imani, wakaja na panga na mikuki. Waliwakuta askari wamelala, wakamuua kamanda wa kambi nyumbani kwake, wakamjeruhi vibaya gavana, naye akafa baadaye. Kwa saa chache vijana wa kuandikishwa walikimbia ovyo na nguo za kulalia. Kisha maofisa wakawakusanya, risasi zikapatikana, safu ikapangwa. Kabla ya alfajiri wengi wa wale 170 walikuwa wamekufa au wamekwenda kujiua.

Miezi minne baadaye likaja jambo kubwa zaidi. Saigo Takamori wa Satsuma, mmoja wa walioiweka serikali hiyo madarakani, alitoka Kagoshima Februari 1877 na watu wapatao 13,000. Hawa si watu wa panga tupu kama inavyopendwa kuonyeshwa. Walikuwa na bunduki na mizinga, wengi walikuwa askari wazoefu wa vita vya 1868, na Saigo mwenyewe alikuwa jenerali. Ngome ya Kumamoto ililindwa na watu 3,800 hivi chini ya Tani Tateki, sehemu kubwa wakiwa wale wale waliokimbia na nguo za kulalia. Satsuma waliamini kwamba watoto wa wakulima hawatakaa.

Walikaa. Walikuwa nyuma ya kuta za mawe zilizojengwa mwanzoni mwa karne ya 17 na Kato Kiyomasa, zenye mkunjo unaozidi kusimama kadiri unavyopanda, mpaka mpandaji hana pa kushika. Ngome ya samurai iliwazuia samurai. Satsuma walijaribu kuivamia tangu tarehe 22 Februari, wakashindwa, wakaamua kuizingira. Nadhani hilo ndilo kosa lililowagharimu vita, maana kila siku waliyokaa pale meli na simu za maandishi zilileta askari wengine kaskazini yao. Aliyefunzwa tangu utoto akifa, huna wa kumrithi kabla ya miaka ishirini. Askari wa kuandikishwa akifa, mwingine anashuka melini juma lijalo.

Pambano baya zaidi lilikuwa Tabaruzaka, kaskazini ya mji, tangu tarehe 4 hadi 20 Machi. Ilikuwa barabara ya mteremko iliyochimbwa kati ya kingo ndefu, na ndiyo pekee iliyoweza kupitisha mizinga. Mvua ilinyesha siku nyingi. Satsuma walitumia zaidi magobori yanayojazwa mdomoni, na baruti ikilowa hayalii. Askari wa serikali wengi walikuwa na bunduki za kujazia nyuma, zenye risasi ya kasha. Hapo, ndugu yangu, bunduki ina sehemu yake kweli, ila tofauti yake ni ya kiwanda na ghala.

Hata hivyo usiwafanye wakulima kuwa mashujaa wa hadithi. Satsuma walipotoka kwenye ukungu na panga mikononi wakipiga mayowe, vijana wa kuandikishwa walivunjika safu mara kwa mara. Serikali ikalazimika kuchagua polisi waliokuwa samurai zamani, kama mia moja, iwape panga na kuwatuma mbele. Dawa ya moto ni moto, kwa mara nyingine. Safari hii lakini nyuma ya moto huo kulikuwa na jeshi la nchi nzima, na tarehe 14 Aprili ngome ikakombolewa na kikosi kilichotua kusini kwa bahari. Saigo alirudi nyuma milima kwa milima hadi kilima cha Shiroyama, juu ya Kagoshima, akiwa amebaki na watu mia chache. Tarehe 24 Septemba alipigwa risasi ya nyonga, na mfuasi wake akamkata kichwa kama alivyotaka.

Wengi wa samurai waliobaki wakawa polisi, walimu, makarani na maofisa wa jeshi lile lile. Jina la tabaka lao lilibaki kwenye daftari za familia kwa miaka mingi, bila mchele nyuma yake.

Kisa kina kipande kimoja zaidi ambacho husahaulika. Agosti 1878 askari wa mizinga wa kikosi cha walinzi wa mfalme, waliokuwa wamepigana na Satsuma, walisubiri zawadi zao. Maofisa walikuwa wamepewa nishani na fedha. Wao posho yao ilikuwa imepunguzwa. Usiku wa tarehe 23, katika kambi ya Takebashi mjini Tokyo, waliwaua baadhi ya maofisa wao na kuelekea kwenye kasri kupeleka malalamiko. Suenaga alipodai malipo yake mlangoni kwa mkubwa, aliondoka na farasi na shamba. Hawa zaidi ya 50 kati yao walipigwa risasi.